Mboni Isiyoujali Mwanga: Kaswende Inapofika Kwenye Ubongo na Uti wa Mgongo

Kuna swali ambalo madaktari wa mishipa ya fahamu hupenda kumuuliza mgonjwa anayeyumba, na wagonjwa wengi hulishangaa: "Unapoosha uso asubuhi, huwa unataka kuangukia sinki?" Mwenye kaswende iliyofika kwenye uti wa mgongo mara nyingi huitikia kabla swali halijaisha. Akiinama, akajipaka sabuni na kufumba macho, mwili unapoteza habari ya mahali ulipo na yeye anakwenda mbele. Akifumbua macho anasimama wima, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kaswende tumeizoea kwa sura yake ya mwanzo: kidonda kisichouma sehemu za siri, kisha vipele vya mwili mzima, hadi viganjani na kwenye nyayo. Vyote hivyo hupona vyenyewe hata bila dawa, na mtego uko hapo hapo. Kidonda kikishafunga, mwenye nacho hujihesabu amepona. Kumbe bakteria wa ugonjwa huu, treponema, wameshasafiri na damu, na kwa watu wengi wameshaingia kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo tangu wiki na miezi ya mwanzo. Aghalabu kinga ya mwili huwafagia humo bila mtu kujua lolote. Kwa wachache hawamaliziki. Wanabaki humo wakichochea uvimbe wa chinichini unaokwangua tishu polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja miaka 10, 20, hata 30 baadaye mtu anaanza kubadilika.

Kaswende ya mfumo wa fahamu ina sura nyingine pia. Inaweza kuleta homa ya uti wa mgongo au kuharibu macho na masikio katika miaka ya mwanzo, na inaweza kuziba mishipa ya damu ya ubongo na kuleta kiharusi kwa mtu ambaye bado kijana. Hapa nabaki na ile ya mwisho, inayochelewa kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopotezwa njiani. Inapotezwa kwa kuwa malalamiko yake hupelekwa kwenye milango mitatu tofauti. Tabia ikibadilika, ndugu hudhani ni utu uzima, pombe au mawazo. Miguu ikiyumba, mtu huenda kwa daktari wa mifupa. Macho yakisumbua, hupimwa miwani. Kila mlango hushughulikia kipande chake na kumrudisha nyumbani.

Tumfuate mgonjwa mmoja wa mfano. Ni mtu wa kutunga, ila hakuna dalili niliyomvisha ambayo ugonjwa huu hauna.

Ni mhasibu wa miaka 54. Kazini alisifiwa kwa umakini, nyumbani kwa upole. Kwa miaka miwili sasa amekuwa mtu mwingine. Ameagiza vitu vya gharama ambavyo familia haivihitaji, amewaahidi majirani mikopo ambayo hana fedha za kuitoa, na mbele ya wakwe zake ametoa utani ambao watu walinyamaza kwa aibu. Hesabu zake kazini zimeanza kukosewa, na akionyeshwa kosa anacheka. Benki imekataa hundi mbili kwa sababu saini imetetemeka na haifanani na ya zamani. Mkewe ndiye anayesimulia haya yote, huku mume amekaa pembeni akitabasamu kama anayezungumziwa si yeye.

"Daktari, huyu si yule niliyeolewa naye," mama anasema. "Na usiku hawezi kwenda chooni bila kushika ukuta."

Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kumfanya daktari asogeze kiti karibu. Ugonjwa wa akili hubadilisha tabia. Pombe nayo hubadilisha tabia. Lakini tabia iliyobadilika pamoja na miguu inayopotea gizani ni jambo la kutafutiwa chanzo kimoja.

Tabia

Katika aina hii ya ugonjwa, bakteria wamo ndani ya tishu ya ubongo wenyewe, hasa sehemu za mbele na za pembeni. Sehemu ya mbele ndiyo inayotuzuia kusema kila linalokuja mdomoni, inayopima faida na hasara, na inayotuonyesha aibu kabla hatujaingia ndani yake. Ikianza kusinyaa, kinachoondoka kwanza si kumbukumbu. Kinachoondoka ni kiasi, ule uwezo wa kujizuia. Mtu bado anajua jina lake, tarehe na njia ya kurudi nyumbani, lakini hajijali, hajizuii, na haoni tatizo. Kumbukumbu hufuata nyuma, kisha matamshi huanza kukwama kwenye maneno marefu, midomo na ulimi hutetemeka, na wengine hupata kifafa ukubwani.

Maandishi ya zamani yamejaa wagonjwa waliojiona wafalme, matajiri au majemadari. Hao wapo, ila picha hiyo imewapotosha madaktari wengi kwa sababu wanaisubiri. Siku hizi anayeletwa mara nyingi zaidi ni mtu aliyepoa tu: msahaulifu, mwenye huzuni, asiye na hamu ya chochote. Anafanana na mgonjwa yeyote mwingine wa kusahau.

Ilichukua muda mrefu kuamini kwamba hii ni maambukizi. Mfaransa Antoine Bayle alieleza mwaka 1822 kuwa wendawazimu wa aina hii, unaoambatana na kupooza, ulikuwa na alama zake kwenye utando wa ubongo, yaani ni ugonjwa wa mwili. Bakteria wenyewe waligunduliwa mwaka 1905 na Schaudinn na Hoffmann, na mwaka 1913 Noguchi na Moore wakawakuta ndani ya bongo za waliokufa na ugonjwa huo. Kabla ya hapo mgonjwa alifungiwa kwenye hospitali ya wendawazimu, na kwa kawaida alikufa ndani ya miaka michache. Tiba ya kwanza iliyoonyesha mafanikio inatisha kuisoma leo: mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alianza kuwaambukiza wagonjwa malaria kwa makusudi, ili homa kali idhuru bakteria, kisha akaitibu malaria kwa kwinini. Wapo waliokufa kwa malaria yenyewe. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1927, na tiba yake iliendelea kutumika hadi penisilini ilipokuja miaka ya 1940.

Miguu

Turudi kwa mhasibu wetu. Daktari anamwomba atembee hadi mlangoni na kurudi. Anatembea miguu ikiwa imetanuka, anainua goti juu kuliko inavyohitajika, kisha anautua mguu kwa kishindo, unyayo ukipiga sakafu. Macho yake yako chini muda wote. Hiyo si tabia ya woga. Anaangalia miguu yake kwa sababu bila kuiangalia hajui ilipo.

Nguvu anazo. Ukimwambia asukume mkono wako kwa mguu anakusukuma vizuri, na hapa ndipo wengi hukosea: wanapima nguvu, wanaikuta nzima, wanaandika kwamba miguu haina tatizo. Kilichoharibika ni habari inayotoka mguuni kupanda juu. Katika viungo na misuli yetu kuna vihisio vinavyouarifu ubongo kila wakati pembe ya goti ni ipi na kidole gumba kimeelekea wapi. Habari hiyo hupita kwenye nyuzi nene za mishipa ya fahamu, huingilia nyuma ya uti wa mgongo kupitia mizizi ya neva, halafu hupanda kwenye safu za nyuma za uti hadi kichwani. Kaswende ya aina hii, ambayo madaktari huiita tabesi, hupiga mizizi hiyo na safu hizo. Uti ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, sehemu ya nyuma inaonekana imekonda.

Sasa vipimo vya kitandani vinaeleweka. Daktari anakamata kidole gumba cha mguu pembeni, anakipeleka juu au chini kidogo huku mgonjwa amefumba macho, na kuuliza kimeelekea wapi. Mhasibu anakisia. Daktari anagonga uma wa mtetemo na kuuweka kwenye kifundo cha mguu: mgonjwa anahisi ubaridi wa chuma, hahisi mtetemo. Akigongwa chini ya goti kwa nyundo ya mpira, mguu hauruki, maana kuruka huko kunahitaji habari iingie kwenye uti kwanza ndipo amri itoke, na mlango wa kuingilia umeziba. Mwisho anasimamishwa miguu pamoja. Macho yakiwa wazi ametulia. Akifumba, anayumba mpaka daktari amdake. Hicho ndicho kipimo cha Romberg, na maana yake hupotoshwa mara nyingi. Anayeyumba hata akiwa na macho wazi ana tatizo jingine, labda la ubongo mdogo ulio kisogoni. Romberg ni chanya pale tu macho yanapokuwa ndiyo fimbo pekee iliyobaki. Kwa hiyo giza, sinki na kuvua fulana kichwani ni jaribio lile lile, ila linafanyikia nyumbani.

Tabesi ina maumivu yake pia. Mhasibu amekuwa akichomwa miguuni na kitu kama radi: maumivu makali mno, ya sekunde chache, yanayotua sehemu moja na kupotea, kisha kurudi kwingine. Ameyaita baridi yabisi kwa miaka mitano. Wengine hushikwa na maumivu ya tumbo na kutapika kwa siku kadhaa hadi wakapasuliwa bure. Wengine kibofu hakihisi kujaa, mkojo unabaki ndani. Na kwa kuwa maungo hayahisi, goti au kifundo kinaweza kusagika na kuvimba kwa kutisha huku mwenyewe akikitembelea bila kulia.

Mboni

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa dalili hii inahitaji tochi tu, na kwa kuwa hukosewa kwa sababu ya tochi hiyo hiyo.

Mboni ya kawaida hubanwa kwa sababu mbili: mwanga ukiingia, na macho yakilenga kitu cha karibu. Mwaka 1869 Douglas Argyll Robertson, daktari wa macho wa Edinburgh, aliandika kuhusu wagonjwa ambao sababu ya kwanza ilikuwa imekufa na ya pili ipo hai. Mboni zao zilikuwa ndogo. Ukizimulika hazibanwi. Ukimwambia mgonjwa atazame kidole kilicho karibu na pua, zinabanwa vizuri. Mara nyingi pia hazilingani, na ukingo wake si duara safi.

Inawezekanaje kitu kimoja kikatii amri moja na kuipuuza nyingine? Kwa sababu amri hizo mbili huja kwa njia tofauti. Habari ya mwanga hutoka jichoni na kuingia upande wa nyuma wa ubongo wa kati, kwenye kituo kidogo kinachoipokea na kuipeleka kwenye viini vya neva inayobana mboni. Amri ya kutazama karibu hutoka juu, kwenye tabaka la nje la ubongo, na huvifikia viini hivyo kwa kupita mbele, ndani zaidi. Kaswende inapoharibu eneo lile la nyuma, barabara ya mwanga inakatika na ile nyingine inabaki. Mishipa na misuli ya jicho yenyewe ni mizima.

Sasa kosa la tochi. Daktari mwenye haraka husimama mbele ya mgonjwa, huleta tochi puani na kumulika. Mgonjwa hufanya ambalo mtu yeyote angefanya: anaitazama tochi. Kitu cha karibu. Mboni zinabanwa kwa sababu ya ukaribu, daktari anadhani zimebanwa kwa mwanga, na anaandika "mboni nzima". Dalili imepita mbele ya macho yake. Njia sahihi ni kupunguza mwanga chumbani, kumwomba mgonjwa akazie macho ukuta wa mbali, na kuleta tochi kutoka pembeni au chini, jicho moja moja. Tochi ikishazimwa, ndipo umwonyeshe ncha ya kidole, kiasi cha sentimita 15 kutoka usoni, na uangalie tena. Kwenye macho meusi sana mboni haijitengi na rangi inayoizunguka, kwa hiyo kurunzi ndogo iliyoinamishwa kutoka chini ya kidevu husaidia kuiona kabla hujaanza kuipima.

Mboni za mhasibu ni ndogo, ya kulia ndogo kuliko ya kushoto. Kwa tochi hazitikisiki. Kwa kidole zinabanwa.

Dalili hii haithibitishi kaswende peke yake. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuleta mboni zinazofanana nazo, na hata magoti yasiyoruka na miguu isiyohisi, kwa hiyo sukari hupimwa siku hiyo hiyo. Ipo pia mboni ambayo ni kubwa, inabanwa polepole kwa ukaribu na kuachia polepole vilevile. Hiyo ni shida ndogo ya neva nyuma ya jicho, isiyohusiana na haya. Na kukosekana kwa dalili hakumwachii mtu huru: wapo wagonjwa wengi wa kaswende ya ubongo wenye mboni za kawaida kabisa.

Damu, kisha maji ya mgongo

Mhasibu alikwishapimwa. Mwaka mmoja uliopita zahanati moja ilimpima RPR ikasoma 1:4, akaambiwa kiwango ni kidogo, ni kovu la zamani, akachomwa sindano tatu za penisilini makalioni, moja kila wiki. Familia ilifarijika. Hali ikaendelea kushuka.

Makosa mawili yamejificha humo, na yote yanaeleweka. Vipimo vya kaswende viko vya aina mbili. RPR na VDRL hupima kingamwili zinazotokea tishu inapoharibiwa, na hutolewa kwa namba: 1:4 maana yake damu ilizimuliwa mara nne na bado ikaitikia. Namba hiyo huwa juu katika miaka ya mwanzo na hushuka kadiri miaka inavyokwenda, hata bila tiba. Katika kaswende ya zamani inaweza kuwa ndogo, na kwa baadhi ya watu hurudi hasi kabisa huku ugonjwa ukiendelea kichwani. Aina ya pili, kama TPHA, hutafuta kingamwili za treponema wenyewe, na kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote, hata kwa aliyepona. Kwa hiyo ukishuku kaswende ya ubongo kwa mtu mzima, RPR hasi peke yake haitoshi kufunga faili. Inabidi uulize TPHA inasemaje. Ya mhasibu ni chanya.

Alipoulizwa kwa faragha, mkewe akiwa nje, alikumbuka kidonda alichokuwa nacho akiwa na miaka 28. Hakikuuma. Kilipona.

Baada ya picha ya ubongo kuonyesha umesinyaa sehemu ya mbele lakini hauna uvimbe wala shinikizo, hufuata kutoa maji ya uti wa mgongo. Watu huogopa sana sindano hii kwa kudhani inachoma uti. Huingizwa chini kiunoni, kati ya pingili, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha na kilichobaki ni nyuzi za neva zinazoelea majini. Maji ya mhasibu yalikuwa na chembe nyeupe 34 kwa kila maikrolita, ilhali kawaida hazizidi 5, na protini gramu 0.78 kwa lita, ilhali kawaida haizidi takriban 0.45. VDRL ya maji hayo ikatoka hasi.

Hapo mtu anaweza kusema basi, si kaswende. Ndilo kosa la mwisho ambalo mgonjwa huyu angeweza kufanyiwa. VDRL ya maji ya mgongo ikiwa chanya, na sampuli haikuchanganyika na damu wakati wa kuchoma, inaaminika sana. Ikiwa hasi haimaanishi mengi, kwa sababu huwakosa wagonjwa wengi. Kipimo kingine, FTA-ABS cha maji ya mgongo, kina tabia ya kinyume: chanya yake inaweza kudanganya, lakini hasi yake inasaidia kuuondoa ugonjwa. Chake kilikuwa chanya. Hakuna kipimo kimoja kinachotoa hukumu hapa. Uamuzi unatoka kwenye mkusanyiko: TPHA chanya, chembe nyingi, protini juu, mboni, miguu, tabia. VVU pia hupimwa, kwanza kwa kuwa magonjwa haya mawili hupita njia moja, na pili kwa kuwa VVU vyenyewe vinaweza kupandisha chembe kwenye maji ya mgongo na kuvuruga hesabu. Chake kilikuwa hasi.

Kwa nini sindano za makalioni hazikutosha

Zile sindano tatu zilikuwa dawa sahihi ya kaswende iliyojificha isiyofika kwenye ubongo. Benzathini penisilini huwekwa msulini na kuvuja kwenye damu polepole kwa wiki kadhaa. Kinachofika kwenye damu ni kidogo lakini cha kudumu, na treponema wa mwilini hufa kwa kiwango kidogo. Ubongo una kizuizi kati yake na damu, na kiwango kile kidogo kinachopenya hadi kwenye maji ya mgongo hakitoshi kuua.

Inabidi basi damu ijazwe penisilini mpaka ya kutosha ivuke. Mgonjwa hulazwa na kupewa penisilini ya fuwele kwenye mshipa, yuniti milioni 3 hadi 4 kila saa 4, usiku na mchana, kwa siku 10 hadi 14. Saa hizo haziwekwi kwa ukali tu. Treponema hugawanyika taratibu mno, mara moja kwa zaidi ya saa 30 hivi, na penisilini humuua bakteria anapojenga ukuta wake wa kujigawa. Dozi ya usiku ikirukwa kwa kuwa mgonjwa amelala au kanula imeziba, kiwango kinashuka na wale waliokuwa wametulia wanapata upenyo. Ukiniuliza tiba hii huharibikia wapi wodini, nitasema ni kwenye dozi ya saa nane usiku.

Ikishindikana kulazwa, ipo njia ya sindano ya prokeini penisilini kila siku pamoja na vidonge vya probenesidi vinavyozuia figo zisiitoe dawa haraka. Wasioweza penisilini kwa sababu ya mzio huweza kuzoeshwa kwa dozi ndogondogo hospitalini, au kupewa seftriaksoni. Katika saa 24 za kwanza mgonjwa anaweza kupanda homa na kutetemeka kwa sababu ya bakteria wanaokufa kwa pamoja. Hiyo haitoshi kuwa sababu ya kusimamisha dawa, wala si mzio.

Mkewe naye alipimwa. Kwa ugonjwa uliokaa miaka 26, mume hakuwa tena mwenye kuambukiza kwa njia ya ngono, lakini walioana mwaka uliofuata baada ya kile kidonda, na wakati huo huenda alikuwa. Vipimo vyake vilikuwa hasi, vyote viwili.

Familia huuliza atarudi kuwa kama zamani? Jibu la kweli hutegemea kipi ni uvimbe na kipi ni kovu. Penisilini huwaua bakteria na kuzima uvimbe, kwa hiyo sehemu ya akili iliyokuwa imezingirwa inaweza kurudi, wakati mwingine kwa kushangaza, hasa tiba ikianza mapema. Nyuzi zilizokwisha kufa kwenye safu za nyuma za uti hazioti tena. Mboni zilizopuuza mwanga huendelea kuupuuza. Yale maumivu ya radi yanaweza kuendelea kwa miaka, na yakiendelea si dalili kwamba dawa imeshindwa. Hutibiwa kama maumivu ya neva, kwa dawa zake.

Ufuatiliaji nao hukosewa. TPHA hairudiwi, kwa sababu itabaki chanya na kumtia mtu hofu bure. Kinachofuatwa ni RPR na hali ya mgonjwa, na pale panapohitajika, chembe za maji ya mgongo, kwani hizo ndizo hushuka kwanza. Protini huchelewa. Chembe zisiposhuka ndani ya miezi 6, tiba hurudiwa.

Za mhasibu zilishuka: kutoka 34 hadi 4 katika mwezi wa sita. Anajua sasa kwamba alikosea, na siku alipoonyeshwa orodha ya vitu alivyonunua aliisoma yote, akaikunja na kuiweka mfukoni bila kusema neno. Kazini hakurudi kwenye vitabu. Hesabu ndefu bado zinampotea katikati. Nyumbani wameweka taa ya usiku kwenye njia ya chooni. Asubuhi anaosha uso kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika ukingo wa sinki.